Dolce juu ya mistari, dolci chini yake: kuisoma lugha ya Kiitaliano katika nakala ya kwaya

Kwaya inayoanza kujifunza wimbo wa opera hupokea nakala yenye maneno ya Kiitaliano karibu kila mahali, na mkanganyiko wa kwanza hutokana na kudhani kwamba maneno hayo yote ni ya aina moja. Sivyo. Yapo maneno ambayo mtunzi anamwambia mwimbaji namna ya kuimba, na yapo maneno ambayo mwimbaji anamwimbia msikilizaji. Ya kwanza ni maelekezo, nayo hayatamkwi kabisa. Ya pili ni shairi, nalo hutamkwa silabi kwa silabi. Shairi hilo la opera, yaani la mchezo wa kuigiza unaoimbwa, huitwa libretto, na kwa kawaida huandikwa na mshairi kabla mtunzi hajalitilia sauti.

Ili jambo hili lieleweke kwa mfano mmoja, tuchukue kiitikio, yaani wimbo wa kwaya ndani ya opera, ambacho kwaya nyingi duniani hukitamani: «Va, pensiero», kutoka opera ya Nabucco. Muziki ni wa Giuseppe Verdi, shairi ni la Temistocle Solera, na opera hiyo ilichezwa kwa mara ya kwanza katika jumba la La Scala, mjini Milano, tarehe 9 Machi 1842. Wanaoimba ni Waebrania walio utumwani Babeli, wamekaa kando ya Mto Frati wakiikumbuka nchi yao. Mwenye kuijua Zaburi ya 137 atayatambua mazingira hayo mara moja, hata vile vinubi vilivyotundikwa mitini, kwa sababu mshairi alichota humo.

Katika ubeti wa kwanza kuna maneno «l'aure dolci», yaani pepo tamu. Hayo huimbwa. Lakini neno dolce, lenye maana ya tamu au nyororo, ni miongoni mwa maelekezo ya kawaida kabisa katika nakala za muziki, na likiwa elekezo haliimbwi: linaagiza kwamba sauti iwe nyororo. Neno ni lile lile, dolci likiwa wingi wa dolce, kazi ni mbili. Kinachotofautisha ni mahali lilipo. Katika mistari ya waimbaji maelekezo huwekwa juu, ili nafasi ya chini ya noti ibaki kwa ajili ya maneno ya kuimbwa. Aghalabu maelekezo ya namna ya kuimba huchapwa kwa herufi za mlazo, elekezo la mwendo huchapwa kwa herufi nene pale mwanzoni, na maneno ya kuimbwa huchapwa kwa herufi za wima zilizokatwa kwa vistari vidogo kufuata silabi. Dalili iliyo wazi zaidi ni hivyo vistari: neno lililokatwa na kupangwa chini ya noti ni la kuimbwa.

Tuanze na yaliyo juu. Maelekezo haya hayakuzaliwa yakiwa istilahi. Ni maneno ya Kiitaliano cha kila siku yaliyosambaa kwa sababu wanamuziki wa Italia walikuwa wakiajiriwa na kuigwa sehemu nyingi za Ulaya wakati desturi ya kuandika maelekezo ndani ya nakala ilipokuwa ikianza. Giovanni Gabrieli wa Venezia alichapisha mwaka 1597 kipande cha vyombo ambacho jina lake lenyewe lina maneno piano na forte, na ni mojawapo ya nakala za mwanzo zilizochapwa zikionyesha wapi pachezwe kwa sauti ndogo na wapi kwa sauti kubwa. Mashine ya kuhesabia mwendo, iitwayo metronomu, ilipata hataza mwaka 1815. Kwa zaidi ya miaka 200, kwa hiyo, mtunzi hakuwa na namba ya kuandika. Alikuwa na neno tu, na neno hubeba mambo mengi kuliko kasi.

«Va, pensiero» ina mapigo manne katika kila kipimo na mwanzoni imeandikwa Largo. Wengi hufundishwa kwamba Largo maana yake ni polepole sana, na jibu hilo si la uongo, ila limepungua. Neno lenyewe maana yake ni pana. Mtunzi anaomba upana: kila noti ipewe nafasi yake, pumzi iwe ndefu, sauti isibanwe. Kwaya inayosikia «polepole sana» tu huanza kuburuta, kila pigo likasimama peke yake kama limeachwa njiani, na tungo huvunjika. Kwaya inayosikia «pana» huendelea kusogea mbele huku ikijaza kila noti mpaka mwisho wake. Vivyo hivyo Andante hutokana na kitenzi cha kwenda, kwa hiyo si mwendo wa kulala. Na Allegro, ambalo maana yake ya kawaida ni mchangamfu, kwa muda mrefu limetumika kama jina la kasi tu, hata juu ya muziki wa hasira na msiba. Mwimbaji asilazimishe tabasamu kwa sababu ameona Allegro.

Kosa la pili la kawaida ni kuchanganya ukubwa wa sauti na kasi. Herufi p ni piano, yaani sauti ndogo. Kwa kuwa neno «polepole» nalo huanza na p, ni rahisi akili kuviunganisha viwili hivi, na hata asiyefikiri hivyo hujikuta mwili wake unapunguza mwendo kila anapopunguza sauti. Herufi f ni forte, yaani kwa nguvu, nayo haiamuru kukimbia wala kupiga kelele. Ukubwa wa sauti na kasi ni mambo mawili yanayoongozwa na maneno tofauti, na moja likibadilika lingine hubaki lilivyokuwa mpaka nakala iseme vinginevyo.

Hapo pana kanuni ambayo nakala haiielezi kwa sababu inadhani inajulikana: elekezo hudumu mpaka lifutwe na lingine. Katika «Va, pensiero» waimbaji wanaanza sotto voce, maneno ambayo moja kwa moja ni «chini ya sauti». Hayarudiwi kila mstari, lakini yanaendelea kutawala. Kwaya nyingi huanza vizuri kwenye mstari wa kwanza, kisha sauti ikapanda yenyewe kadiri wimbo unavyopanda, na kufikia ubeti wa pili hakuna tena anayekumbuka agizo. Hasara yake huonekana baadaye. Sehemu kubwa ya kiitikio hiki watu wote wanaimba sauti moja, wanaume na wanawake wakiwa wametengana kwa oktava, na ghafla, kwenye maneno «Arpa d'or», sauti zinagawanyika na kulipuka kwa nguvu. Aliyekwisha kufika kwenye nguvu mapema hana tena pa kwenda, na mlipuko ule haumshtui mtu.

Wapo wanaodhani kwamba sotto voce ni kunong'ona. Mnong'ono huondoa sauti na kuacha hewa, na hewa tupu haiwezi kushika mstari mrefu wa Verdi bila kushuka kimo. Kinachoombwa ni sauti kamili iliyozuiliwa: tumbo linashikilia pumzi sawasawa na kwenye forte, konsonanti zinatamkwa kwa ukali zaidi kuliko kawaida ili maneno yafike, ila kiasi cha sauti ni kidogo. Ukitaka kujua kama kwaya inanong'ona, sikiliza irabu ndefu katikati ya mstari: ikiwa zimejaa pumzi na kimo kinateremka, wananong'ona.

Kundi jingine la maelekezo lina mwisho wa -ndo: crescendo, rallentando, morendo. Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati, kwa maana tunacho kiambishi kinachofanya kazi ile ile, yaani -ki-. Crescendo ni «ikikua», rallentando ni «ikipunguza mwendo», morendo ni «ikififia». Ni tendo linaloendelea. Kwa hiyo pale neno crescendo linapoanzia, sauti bado ni ndogo, kwa kuwa kukua ndiko kunaanza. Mwimbaji anayeliona neno hilo na papo hapo akaongeza sauti amelisoma kana kwamba limeandikwa forte. Na rallentando isipofuatwa na agizo la kurejea, kama vile a tempo, mwendo hauna ruhusa ya kurudi wenyewe.

Maneno madogo nayo yana madhara makubwa yakikosewa, hasa poco na più. Poco ni kidogo, più ni zaidi. Poco forte ni nguvu kidogo tu. Più forte ni nguvu kuliko uliyonayo sasa, na kwa hiyo kipimo chake ni mahali ulipotoka. Hayo mawili yanatosha kwa leo, maana mengine (molto, meno, non troppo) hufuata mantiki hiyo hiyo ya kukuza, kupunguza au kuwekea mpaka neno lililo jirani.

Sasa tushuke chini ya noti, kwenye shairi, ambako ndiko kwaya za Kiswahili huteseka zaidi, na mara nyingi pasipo kujua sababu. Ubeti wa kwanza ni huu:

Va, pensiero, sull'ali dorate;
va, ti posa sui clivi, sui colli,
ove olezzano tepide e molli
l'aure dolci del suolo natal!

Maana yake ni hii: Nenda, ewe wazo, juu ya mabawa ya dhahabu; nenda, ukatue kwenye miteremko, kwenye vilima, ambako zinanukia, zenye vuguvugu na ulaini, pepo tamu za ardhi tuliyozaliwa. Angalia mpangilio: kitenzi olezzano, «zinanukia», kipo mstari wa tatu, na kinachonukia, yaani pepo, hakitajwi mpaka mstari wa nne. Kama sauti inazimika kwenye molli kana kwamba sentensi imekwisha, msikilizaji anayejua lugha anaachwa akingoja kinachonukia. Pumzi inaweza kuvutwa hapo, lakini sauti isianguke.

Shairi hili lina mizani, na mwenye kulijua shairi la Kiswahili atalielewa upesi kuliko wengi. Kila mshororo una mizani 10, na mkazo huangukia mizani ya 3, ya 6 na ya 9. Mshororo wa kwanza huhesabiwa hivi: va, pen, SIE, ro, sul, L'A, li, do, RA, te. Hesabu inatimia. Lakini mwambie mwimbaji wa Kiswahili ausome mshororo huo huo bila kumfundisha, naye atapata 11, kwa sababu kwetu kila irabu ni silabi yake: atasema pe-nsi-e-ro. Katika Kiitaliano sie ni silabi moja. Irabu i inapita haraka na e ndiyo inayokaa kwenye noti.

Hii ndiyo kiini cha matatizo mengi. Kiswahili na Kiitaliano vinafanana kwa kupenda irabu safi, na kwa sababu hiyo watu husema kwamba Kiitaliano ni rahisi kwetu. Kwa upande wa usafi wa irabu ni kweli. Kwa upande wa hesabu ya silabi, kufanana huko kunadanganya. Chukua neno mia katika ubeti wa pili, «Oh, mia patria», yaani «Ee nchi yangu». Macho yetu yanaona neno tulilolizoea lenye silabi mbili, na midomo inaimba mi-a. Noti iliyowekwa ni moja. Anayeimba mbili anachelewa, jirani yake anamsubiri, na mshororo mzima unayumba huku kila mtu akidhani tatizo ni mwendo.

Mambo huzidi pale neno moja linapoisha kwa irabu na linalofuata likaanza kwa irabu. Mshororo wa tatu una «ove olezzano tepide e molli». Ukihesabu irabu moja moja utapata 12. Mshairi amehesabu 10: o, veo, LEZ, za, no, TE, pi, dee, MOL, li, ambapo ve na o zimeungana, na e mbili zilizokutana zimekuwa moja. Katika nakala nyingi muungano huo huonyeshwa kwa kijipinde kidogo kinachounganisha irabu mbili, au kwa kuziweka tu chini ya noti moja. Si kosa la mchapaji. Ikiwa irabu mbili tofauti zimekutana kwenye noti moja, zote mbili zitamkwe, ila noti isikatwe katikati kwa pigo la koo.

Ipi ikae zaidi? Inategemea mkazo uko wapi. Katika suolo, u inapita na o inakaa. Katika aure ni kinyume: a inakaa karibu muda wote wa noti, na u inaguswa mwishoni kabisa, kabla ya re.

Mshororo wa nne una kitu kingine ambacho baadhi ya waimbaji hukisahihisha kwa nia njema na kuharibu. Unaisha na neno natal, na ukihesabu mizani yake unapata 9 tu: l'au, re, DOL, ci, del, SUO, lo, na, TAL. Neno kamili ni natale. Mshairi amelifupisha ili mshororo uishie kwenye mkazo wenyewe, na katika ushairi wao mshororo wa namna hiyo bado huhesabiwa kuwa wa kumi. Sisi tunaiita inkisari. Ubeti wa pili unafunga vivyo hivyo kwa neno fatal, ili kina kilingane. Sasa, kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, ulimi wa Mswahili huona natal halijakamilika na kuliongezea i: «natali». Hutokea pia katikati, «deli suolo», na hata ndani ya neno, ambapo virtù hugeuka «viritu». Herufi l ifungwe kwa ncha ya ulimi na iachwe hapo hapo, bila kufunguliwa kuelekea irabu.

Mkazo nao una mtego wake. Kwetu, karibu maneno yote hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno mengi ya Kiitaliano hufanya hivyo hivyo, lakini si yote: olezzano hukazwa kwenye lez, tepide kwenye te. Perché na virtù hukazwa mwishoni, na alama iliyo juu ya irabu ndiyo inayolitangaza hilo. Anayesema «tepíde» anausukuma mkazo kwenye mizani ya 7, wakati muziki unautaka kwenye ya 6. Alama hiyo hiyo husaidia maana pia: katika «sì bella e perduta», neno sì si «ndiyo» kama wengi wanavyodhani. Ni «mno kiasi hiki», kwa hiyo nchi inaliliwa kwa uzuri wake ulio mkubwa mno na kwa kupotea kwake.

Kuhusu konsonanti nitataja chache tu. Herufi c ikifuatwa na i au e husomeka ch, hivyo dolci ni «dolchi». Ch husomeka k, hivyo perché ni «perke». Giordano ni «Jordano», na i yake haisikiki kabisa, kwani imewekwa ili kuilainisha g. Zz ya olezzano ni «ddz». Konsonanti mbili zilizofuatana zishikwe kweli: ulimi au midomo ifunge na kungoja kidogo kabla ya kuachia. Hili si pambo. Katika ubeti wa tatu kuna «nel petto», yaani kifuani, ambapo kumbukumbu zinaombwa ziwake upya. T ikiwa moja tu, neno huwa peto, ambalo ni ushuzi. Msikilizaji wa Italia atalisikia.

Ubeti huo wa tatu ndio unaoanza kwa ule mlipuko: «Arpa d'or dei fatidici vati, perché muta dal salice pendi?», yaani «Ewe kinubi cha dhahabu cha manabii wenye kutabiri, mbona umening'inia kimya mtini?» Tazama jinsi maelekezo ya juu na maneno ya chini yanavyosaidiana. Wakati wote waliposema na wazo lao waliimba chini ya sauti, kama watu wanaokumbuka. Wanapokigeukia kinubi wanakiuliza swali, na swali la uchungu halinong'onwi. Anayejua maana hahitaji kukumbushwa aongeze nguvu, na anayeziona alama tu atapiga kelele bila kuuliza chochote.

Baadhi ya maneno ya libretto hayatapatikana kwa urahisi hata kwa kumwuliza mtu anayezungumza Kiitaliano cha leo, kwa kuwa ni lugha ya kishairi ya zamani. Membranza ni kumbukumbu. Favella katika ubeti wa tatu ni «sema». Solima ni Yerusalemu. Na virtù, neno la mwisho la kiitikio, halizungumzii mwenendo mwema: watumwa wanaomba Bwana akivuvie kinubi wimbo utakaowapa nguvu ya kustahimili mateso. Neno hilo linarudiwa, na sauti inafifia hadi mwisho. Irabu ù iishe kwa kusimamisha pumzi huku mdomo ukiwa bado wazi, maana midomo ikifungwa kabla sauti haijakoma litasikika «virtum».

Kwa mazoezi, usianze na sauti za wimbo. Soma kila mshororo kwa maneno matupu, piga kofi kwenye mizani ya 3, ya 6 na ya 9, na uhesabu. Ukipata 11 au 12, tafuta irabu mliyoitenganisha: mara nyingi iko kwenye mia, sui, sie au penye maneno mawili yaliyoungana. Ukipata 10 kwenye mshororo unaoishia na natal, mtu ameongeza i. Kofi likiangukia silabi ambayo midomo haijaikaza, mkazo umehamishwa. Hesabu hii, hata hivyo, haioni konsonanti zilizorudufu, kwa sababu petto na peto zina mizani sawa. Kwa hizo mwalimu asimame mbali na kwaya, awaambie waseme mshororo kwa sotto voce, na asikilize kama kuna kituo kifupi cha ukimya kabla ya t kuachiwa.